Kichwa Kimoja au Vingi: Funzo la Habari za Ziwa Nakuru

Kichwa cha habari hakisomwi peke yake. Gazetini husaidiwa na picha, maelezo mafupi chini ya picha hiyo, tarehe iliyo juu ya ukurasa na jina la gazeti lenyewe. Redioni hubebwa na sauti ya mtangazaji na saa ya taarifa. Kwenye WhatsApp mara nyingi hubaki na kijipicha tu, pamoja na jina la shangazi aliyekituma. Kwa hiyo uamuzi wa kutumia kichwa kimoja kila mahali, au kukiandika upya kwa kila jukwaa, hauanzi na dhana kwamba vijana hupenda hivi na wazee vile. Huanza kwa kutazama kichwa kinaachana na nini kinapohama. Kisichopoteza kitu hakina sababu ya kubadilishwa.

Jambo hili lilijitokeza wazi mwaka 2020 katika chumba kidogo cha habari mjini Nakuru. Kulikuwa na mhariri mmoja na maripota wachache, na kazi yao ilikwenda kwenye tovuti, ukurasa wa Facebook, chaneli ya YouTube na muhtasari wa redio, huku baadhi ya ripoti zikinunuliwa na magazeti. Desturi ilikuwa kuandika kichwa mara moja na kukinakili kila mahali. Desturi hiyo haikuwa uvivu. Mhariri aliyepitisha habari kumi kwa siku, kila moja ikienda sehemu tano, angelazimika kutunga vichwa hamsini, na kazi ya kuhakiki ukweli ingefanywa na nani? Tatizo lilikuja na habari za Ziwa Nakuru.

Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit pamoja na chemchemi, kisha hayana pa kwenda ila kupanda angani kwa joto la jua. Mvua ikipungua kwa miaka mfululizo ziwa hunywea, kama lilivyokaribia kukauka katikati ya miaka ya 1990. Mvua ikizidi, hufura. Kuanzia mwaka 2010 hivi lilianza kufura, na ziwa lililozoeleka kuwa na takriban kilomita 40 za mraba likapita 60. Lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa. Kufikia 2020 maji yalikuwa yamevuka ua wa mbuga na kuingia kwenye makazi ya Mwariki na Barut. Wakati huohuo maji mengi matamu yalipunguza chumvi ya ziwa, mwani unaoliwa na flamingo wadogo ukapungua, na ndege waliolitangaza ziwa hili duniani wakahamia Bogoria na kwingineko kwa wingi.

Ndani ya habari moja, basi, mlikuwa na habari nne: watu waliohama nyumba zao, mbuga iliyopoteza lango, ndege walioondoka, na sababu ya maji kupanda. Ripota aliyetumwa huko alirudi na viatu vilivyolowa akaandika makala moja yenye zote nne. Kichwa alichokiweka kilikuwa kizuri kwa gazeti: “Ziwa Nakuru lameza mitaa”. Kilikuwa na herufi 24 pamoja na nafasi, kiasi kinachokaa vizuri hata kwenye safu nyembamba. Kitenzi chake kilifuata mtindo wa siku nyingi wa magazeti ya Kiswahili, Taifa Leo likiwemo: lameza, walia, yazua, wahofia. Umbo hilo ni fupi na lina nguvu, ila halisemi lini. Gazetini halina haja ya kusema, kwa sababu tarehe iko juu ya ukurasa na kesho gazeti hilo litafungiwa nyama. Wala kichwa hakikuhitaji kutaja mitaa yenyewe, kwa kuwa maelezo ya picha yalitaja Mwariki na Barut.

Kichwa hichohicho kilipowekwa kwenye tovuti na kiungo chake kuanza kuzunguka katika vikundi vya WhatsApp, simu ya chumba cha habari haikupumzika. Mama mmoja wa Kaptembwo aliuliza, “Mwanangu, nihamishe watoto leo ama nisubiri?” Mwingine alikuwa Rhonda, akitaka kujua kama barabara bado inapitika. Hakuna aliyekuwa amefungua makala. Walisoma maneno manne na kuona kijipicha cha paa lililotoka majini, na neno “mitaa” likachukua mtaa wowote ambao msomaji alikuwa akiishi. Hakukuwa na kosa hata moja la ukweli katika maneno hayo manne. Kilichokosekana ni majina ya mahali, na yalikosekana kwa sababu gazetini yalikuwa yamekaa chini ya picha.

Mhariri aliandika kichwa kingine kwa ajili ya kushirikishwa: “Maji ya Ziwa Nakuru yameingia Mwariki na Barut”, kikifuatwa na tarehe ya siku hiyo. Kina urefu karibu mara mbili ya kile cha kwanza, na hakina mvuto wa kumeza. Lakini mtu wa Kaptembwo akikisoma anajua hakitaji kwake, na mtu wa Mwariki anajua kinamhusu. Kitenzi nacho kilitoka kwenye umbo la gazeti kikaingia kwenye umbo ambalo watu hutumia wakiambiana jambo kwa mdomo, kwa maana katika kikundi cha familia kichwa husomwa kama maneno ya aliyekituma.

Tarehe ilionekana kama nyongeza ya bure hadi miaka minne baadaye. Mwishoni mwa Aprili 2024 mvua ya masika ilikuwa imezidi kote nchini, na alfajiri ya tarehe 29 maji yaliporomoka Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Wiki hiyo, kila simu ikiwa na hofu yake, kiungo cha 2020 chenye kichwa cha kwanza, “Ziwa Nakuru lameza mitaa”, kilirudi mitaani kikiwa na mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. WhatsApp ilikuwa imeweka kizuizi tangu Aprili 2020: ujumbe uliosambazwa sana hupelekwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati. Kizuizi hicho hupunguza kasi, lakini hakimwambii anayepokea kwamba habari ina miaka minne. Kiungo kilichobeba kichwa cha pili nacho kilirudi, ila kilizimika haraka, kwa sababu kila aliyekipokea aliona mwaka.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wahariri wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kadi ndogo inayoonekana chini ya kiungo kwenye WhatsApp, yenye picha na kichwa, hutengenezwa kwenye simu ya anayetuma wakati anapokiandika kiungo, kisha husafiri ndani ya ujumbe. Kichwa kikirekebishwa kwenye tovuti baadaye, kadi zilizokwisha kutumwa hazibadiliki. Facebook huhifadhi nakala yake yenyewe, ingawa pale mwenye tovuti anaweza kuilazimisha isome upya kwa kutumia kifaa kiitwacho Sharing Debugger. Kwa hiyo kichwa cha kushirikishwa ndicho kinachotakiwa kukaguliwa kwa makini zaidi kabla ya kutolewa, hata kuliko kile cha juu ya ukurasa. Cha ukurasa husahihishwa kwa dakika moja.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuwa na vichwa vingi kwa makala moja kunahitaji kurasa nyingi. Ukurasa mmoja unatosha. Mifumo ya kuchapisha huwa na visanduku tofauti, na nyuma ya pazia kila kichwa hukaa mahali pake:

```html
<title>Kwa nini maji ya Ziwa Nakuru yanaongezeka</title>
<meta property="og:title" content="Maji ya Ziwa Nakuru yameingia Mwariki na Barut">
<h1>Ziwa Nakuru lameza mitaa</h1>
```

Mstari wa kwanza husomwa na mitambo ya utafutaji kama Google. Wa pili, ambao hapa umeachwa bila tarehe yake, husomwa na WhatsApp na Facebook. Wa tatu ndio anaouona msomaji akishafungua ukurasa, na kwa kuwa pale tarehe, picha na maelezo vyote vipo, kichwa kifupi cha gazeti kinaweza kurudi mahali pake bila madhara. Mstari wa pili usipojazwa, majukwaa hayo hujichukulia kichwa kingine cha ukurasa. Ndivyo mambo yalivyokuwa siku ile ya simu nyingi: sanduku lilikuwepo tangu mwanzo, likiwa tupu.

Kichwa cha utafutaji kina sheria zake. Mtu anayetafuta hajakutana na habari kwa bahati. Amekuja na swali, na huliandika kwa maneno ya kawaida. Hakuna anayeandika “lameza” kwenye kisanduku cha kutafutia. Huandika jina la ziwa na jambo linalomsumbua, pengine akichanganya lugha, kama `lake nakuru maji`. Kichwa “Kwa nini maji ya Ziwa Nakuru yanaongezeka” kina herufi 41 pamoja na nafasi, na hilo lina maana kwa sababu Google huonyesha takriban herufi 50 hadi 60 kabla ya kukata. Kikomo chenyewe kwa hakika ni upana wa maandishi, si idadi ya herufi, lakini kwa kazi ya kila siku hesabu hiyo inafaa. Mhariri alitaka kuongeza “na flamingo wanahama”, jumla ikawa herufi 62, na neno la mwisho lilikuwa hatarini kukatwa. Kiswahili hubeba mengi ndani ya kitenzi kimoja na vitenzi vyake ni virefu, kwa hiyo kinachokatwa mwishoni mara nyingi ndicho kiini cha habari. Dawa ni kutanguliza jina la mahali na kitenzi, na kuacha cha ziada mwishoni ili kikikatwa kisiumize. Flamingo waliachwa nje.

Hata hivyo, kichwa cha utafutaji kilifichua udhaifu wa makala yenyewe. Kilimwahidi msomaji maelezo ya sababu, lakini katika makala ya ripota sababu ilikuwa aya moja karibu na mwisho, baada ya mahojiano na familia zilizohama. Msomaji aliyekuja na swali la “kwa nini” alisoma kuhusu magodoro yaliyolowa, akaondoka. Hapo ndipo penye mpaka wa kubadilisha vichwa. Kichwa kinaweza kuelekeza macho kwenye sehemu yoyote ya makala, mradi sehemu hiyo iwe karibu na juu na iwe na uzito. Kichwa kinapoahidi kitu ambacho makala inakigusia tu, tatizo limeshavuka jukwaa: panahitajika makala nyingine. Mwaka 2021, serikali ya Kenya ilipotoa ripoti kuhusu kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa, chumba hicho kiliandika makala ya pili kuhusu sababu peke yake. Ilizungumzia mvua iliyoongezeka, mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwenye miteremko inayoleta maji, na udongo unaojaza mabonde ya maziwa. Kichwa cha “kwa nini” kikahamishiwa huko, na makala ya kwanza ikabaki na vichwa vya Mwariki na Barut.

Swali la sababu lilileta pia onyo kuhusu kiwango cha uhakika. Wapo wakazi waliosema ardhi ya Bonde la Ufa inasogea chini kwa chini na ndiyo inayosukuma maji. Wapo walioona kila kitu kinatokana na kukatwa kwa msitu wa Mau. Makala ilieleza mambo kadhaa yanayosaidiana, mvua ikitangulia. Ripota mmoja akapendekeza kichwa cha Facebook: “Kukatwa kwa Mau kwafurisha Ziwa Nakuru”. Kingebofywa sana, maana Mau ni mada inayochemsha watu. Lakini kilifuta “huenda” na “pamoja na” zilizokuwa ndani ya makala, kikageuza sababu mojawapo kuwa sababu pekee. Kubadilisha kichwa kwa ajili ya jukwaa kunaruhusu kubadilisha mpangilio, urefu na umbo la kitenzi. Hakuruhusu kupandisha uhakika. Njia nyepesi ya kukagua ni kuviweka vichwa vyote vya makala moja pamoja, kimoja juu ya kingine, na kuuliza kama mtu anayeamini kimoja atashangaa akisoma kingine. Akishangaa, kimoja kati yake kinadanganya.

Redio ina mahitaji ambayo maandishi hayana. Msikilizaji husikia mara moja, pengine ndani ya matatu inayoelekea Njoro huku kondakta akipaza sauti, na hawezi kurudi nyuma. “Ziwa Nakuru lameza mitaa” kikisomwa redioni kimekwisha kabla sikio halijatulia. Muhtasari ulioandikwa ulikuwa sentensi kamili: “Familia za Mwariki na Barut mjini Nakuru zinaendelea kuhama makazi yao, huku maji ya Ziwa Nakuru yakizidi kupanda.” Watu wametangulizwa kwa sababu sikio hushika watu kwanza. Jina la mji limetajwa ingawa jina la ziwa linalo tayari, kwa kuwa msikilizaji wa Eldama Ravine si lazima ajue Barut iko wapi. Neno “Nakuru” kurudiwa mara mbili kungekuwa kasoro kwenye karatasi; sikioni ni msaada.

Kuhusu YouTube hakuna mengi. Kichwa kinaweza kufika herufi 100, lakini kwenye simu huonekana sehemu ya mwanzo tu, na kazi kubwa hufanywa na picha ya jalada. Kosa la kawaida ni kuandika maneno yaleyale juu ya picha na kwenye kichwa. Video ya chumba hicho ilionyesha lango la zamani la mbuga likiwa limezingirwa na maji, kwa hiyo kichwa kikasema kile ambacho picha haiwezi kusema: hilo ni lango gani, na watalii sasa huingilia wapi. X nayo iliwapa wote kazi ya ziada Oktoba 2023 ilipoondoa vichwa kwenye kadi za viungo na kuacha picha na jina la tovuti, kabla ya kuvirudisha baadaye kwa maandishi madogo juu ya picha. Waliokuwa wakitegemea kadi ijieleze yenyewe walijikuta wakituma picha tupu. Tangu hapo imekuwa busara kuandika kiini cha habari ndani ya chapisho lenyewe.

Mpaka hapa hoja zote zimeelekea upande wa kuandika upya. Ipo aina ya habari ambayo Bonde la Ufa limewafundisha wahariri kuipa kichwa kimoja tu, kilekile, neno kwa neno, kila inapokwenda. Ni habari za ardhi, mifugo iliyoibwa na mipaka, katika sehemu kama Molo, Kuresoi, Njoro na Mau Narok. Mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliingia kwenye mauaji ya baada ya uchaguzi, na waliofanya kazi ya habari wakati huo wanakumbuka jinsi sentensi moja ya simu ya mkononi ilivyoweza kubeba hofu kutoka mtaa hadi mtaa. Kutokana na hayo, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliundwa kwa sheria ya mwaka huohuo wa 2008. Hata bila sheria, mhariri wa Nakuru anajua kwamba wasikilizaji wa kituo kimoja na wafuasi wa ukurasa mwingine huenda wako pande mbili za ua mmoja.

Kwa habari kama hiyo, kuandika kwa ajili ya hadhira huwa ni kuandika kwa ajili ya upande. Kichwa kinachosema “Wakulima wavamiwa” kwa kundi moja na “Wafugaji wafukuzwa malishoni” kwa kundi jingine kinaweza kuwa kweli mara mbili na bado kikawa ndumakuwili, na picha za skrini huviweka pamoja kabla ya jua kuzama. Kichwa kimoja kilichotaja mahali, tendo na idadi iliyothibitishwa, bila jina la kabila, ndicho kilichotumika. Kwa mfano: “Watu wawili wajeruhiwa katika mzozo wa malisho Kuresoi”. Ni kichwa kikavu. Hakishindi kwa mibofyo popote, na hilo lilikubaliwa mapema kama gharama yake.

Jina la kipindi au mfululizo pia halibadilishwi, kwa sababu nyingine kabisa. Mtu akisikia jina redioni atalitafuta kwenye simu jioni. Akikuta jina tofauti atadhani ni kitu kingine. Shamba Shape Up, kipindi cha kilimo kilichoanza kuonyeshwa Kenya mwaka 2012 kwa Kiingereza na Kiswahili, kilibaki na jina lake katika lugha zote mbili. Kinachobadilika ni maelezo ya kila sehemu: ugonjwa gani wa viazi, ng’ombe wa aina gani, shamba la wapi. Mpangilio huo wa jina lililofungwa na kichwa kilicho huru ndio uliofuatwa kwa mfululizo wa ziwa pia. Kila habari ilitaja “Ziwa Nakuru”, kamwe si “ziwa hilo” wala “ziwa letu”, hata mahali ambapo wakazi wa mji wangeelewa bila kuambiwa. Aliyeanza kwa redio aliweza kumalizia kwenye tovuti.

Gharama ya vichwa vingi huonekana siku ya masahihisho. Siku moja ripoti kuhusu shule iliyozingirwa na maji ilitoka na idadi isiyo sahihi ya wanafunzi, na idadi hiyo ilikuwa kwenye vichwa. Kwenye ukurasa ilirekebishwa papo hapo. Kwenye kichwa cha kushirikishwa ilisahaulika mpaka mwalimu alipopiga simu jioni, kwa heshima lakini kwa uchovu, akisema wazazi bado wanapokea ile ya zamani. Kwenye YouTube ilibaki wiki nzima. Baada ya hapo chumba kiliweka daftari la kawaida la kurasa zenye mistari, kila habari ikiwa na safu yake na vichwa vyake vyote vikiandikwa hapo, ili anayesahihisha ajue ni wapi pa kwenda. Pia takwimu zinazoweza kubadilika zikaondolewa kwenye vichwa vyote isipokuwa cha redio, ambacho hufa chenyewe taarifa inayofuata ikisomwa.

Kwa chumba chenye mhariri mmoja, kuandika vichwa vitano kwa kila habari hakuwezekani, na hakuna haja. Sehemu kubwa ya habari za siku, kama ajira za kaunti, matokeo ya mechi uwanjani Afraha au bei ya viazi Molo, huweza kupewa kichwa kimoja kilichotaja mahali na jambo. Kichwa “Bei ya viazi yashuka Molo” kinafaa gazetini na kwenye tovuti. Kikitaka kuongezewa chochote, ni tarehe tu. Kilichobaki kuwa cha lazima ni kichwa cha pili, cha kushirikishwa, kila pale ambapo habari inaweza kumfanya mtu ahame nyumba, afunge duka au abadilishe njia. Cha tatu, cha utafutaji, huandikwa kwa makala zitakazosomwa hata baada ya mwezi. Hicho nacho hakina dhamana: Google hujipangia upya baadhi ya vichwa kwenye matokeo yake, na tangu Agosti 2021 mara nyingi huchukua kile cha juu ya ukurasa, hasa inapoona kichwa cha utafutaji hakiendani na yaliyomo.

Kujua kama kichwa kimefaa kunahitaji kutazama vipimo viwili kwa pamoja. YouTube huonyesha asilimia ya waliobofya baada ya kuona kichwa, na pia muda wa wastani waliotazama. Cha kwanza kikipanda na cha pili kikishuka, kichwa kimeahidi kisichokuwepo. Kifaa cha Google kiitwacho Search Console huonyesha maneno ambayo watu waliandika kabla ya kuuona ukurasa. Maneno hayo yakiwa hayafanani kabisa na kichwa, aliyekiandika alikuwa akizungumza peke yake. Lakini tovuti ya mji mmoja hupata wasomaji wachache kwa habari moja, na tofauti ya mibofyo kumi na miwili kati ya vichwa viwili inaweza kuletwa na mvua iliyowazuia watu nyumbani. Kipimo kilichotegemewa zaidi kilikuwa maswali. Watu wakiuliza kwenye maoni au kwa simu jambo ambalo makala imelijibu katika aya ya pili, kichwa kimeacha kitu nje, na mara nyingi kitu hicho ni mahali au siku. Wakiuliza jambo ambalo makala haijalijibu popote, kichwa kinaachwa kilivyo na ripota anarudishwa Mwariki.